Mama Mumo Anapiga Chapa Asichokijua

Ukija Soko la Burma usikubali kupotezwa na moshi wa nyama. Pita bucha zote, pinda penye ukuta wa choo, utasikia taipureta ikigonga kama mvua ya mawe kwenye mabati. Huyo ni Syombua. Sisi tuliomzoea tunamwita Mama Mumo. Wateja wanaotaka kupunguziwa bei wanamwita Madamu. Mimi ni Nzuki, naandika mabango mlango wa pili. Tumekaa ukuta mmoja miaka mingi, na nikisema mwanamke huyu ana kichwa kigumu simtukani, namtambulisha.

Zamani alikuwa sekretari wizarani, na nyumba yake ilikuwa Buruburu, yenye bafu la ndani. Kisha serikali ikaamua kwamba wafanyakazi wake wamezidi, ikawashukuru kwa barua fupi yenye makosa mawili ya kupiga chapa. Makosa hayo yanamuuma hadi leo kuliko kufutwa kwenyewe. Alinunua taipureta kuukuu kwenye mnada, akakodi kibanda hapa Burma, na kila asubuhi anafika amevaa koti na sketi ya ofisini, viatu vya kisigino, akiruka damu ya mbuzi kama balozi anayeshuka ndege. Ukimwambia avae kanga kama watu wengine atakuuliza, "Kwani mimi nakata matumbo?"

Kazi yake anaiita kuosha. Watu wanakuja na vikaratasi vilivyoandikwa magotini, yeye anavipiga chapa vikatoka vimenyooka, na njiani anavirekebisha. Hakuna aliyemwomba arekebishe. Anasema karatasi haiendi ofisini uchi. Barua ya mtu kuomba ruhusa ya kwenda matangani Kitui inatoka pale utadhani ni ya katibu mkuu. Kimanzi wa bucha aliwahi kumletea barua yake ya mapenzi kwa msichana mmoja, ikaoshwa barabara, na yule msichana akajibu kuuliza ombi lake lilipokelewa na idara gani. Kimanzi hakumsemesha Mama Mumo mwezi mzima. Lakini wateja walizidi kuja, kwa sababu mtu maskini akisoma mambo yake yamevaa suti anajisikia mtu.

Basi siku moja akaja Wakoli.

Wakoli ni jirani yetu wa Huruma, mtu wa Bungoma, mpole mno, wa kuuomba mlango msamaha akiugonga. Alikuwa kibarua wa kiwanda kimoja cha slipa za mpira kule Industrial Area. Alikuja na mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, na nyuma yake mkewe Everline, aliyebeba mfuko wa karatasi kana kwamba amebeba mayai. Mama Mumo akaacha kupiga chapa. Nami nikaacha rangi yangu, nikaja kusimama mlangoni, maana hapa Burma shida ya mtu haina ukuta.

Everline ndiye aliyeeleza. Kiwandani kuna mashine mpya, yaani mpya kwao, imetoka Uchina ikiwa imeshachoka. Ina magurudumu mawili mazito ya chuma yanayozunguka yakielekeana, na mpira wa moto unapitishwa katikati utoke umekuwa bapa kama chapati. Mpira ulikunjamana, Wakoli akanyoosha mkono aukunjue, magurudumu yakamvuta. Wenzake walizima umeme. Vidole viwili vilibaki huko.

"Pole, baba," nikasema. "Pole sana."

"Hiyo pole si ndiyo tulitegemea huko kiwandani," akasema Everline kwa uchungu. "Badala yake wamemfukuza. Ati amepuuza onyo. Ati kuna kibao kwenye mashine kinakataza mkono, na yeye amekaidi kibao cha kampuni. Na gharama za hospitali wakasema ajilipie, kwa sababu ni ukaidi wake."

Walikuwa wameenda ofisi ya leba, ile ya serikali inayoamua kesi za wafanyakazi. Kesi ingesikizwa. Wakoli alitakiwa apeleke maelezo yake yamepigwa chapa, nakala nne, na ndani yake yawemo maneno ya kile kibao. Akishinda, atarudishwa kazini, hata kama ni kukaa langoni, na mkono utatibiwa na kampuni. Akishindwa, atabaki Huruma na watoto watatu, mkono mmoja, na jina la mkaidi ambalo kila mwajiri mwingine atalisoma kwenye barua ya kufukuzwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani pale, na kila mmoja wetu aliyaelewa bila kuelezwa mara mbili.

Mama Mumo akavaa miwani. "Leta nioshe," akasema.

Akaosha, haki ya Mungu. Vidole vikaruka. Alipofika kwenye kibao alimuuliza Wakoli kinasema nini, na Wakoli, mtu wa watu, akajibu vile Patrobas, meneja wa wafanyakazi, alivyomwambia: kinasema hatari, usiweke mkono. Mama Mumo akayapamba maneno hayo. Akaweka herufi kubwa, akapiga mstari chini, akaongeza na alama ya mshangao. Kisha akachomoa karatasi, akaanza kutusomea kwa sauti yake ya wizarani.

Alipofika pale penye "HATARI! USIWEKE MKONO" Wakoli akainua ule mkono mzima taratibu, kama mtoto wa shule.

"Madamu," akasema, "kama kibao kingesema hivyo, mimi ningeweka mkono?"

Kule buchani Kimanzi aliacha kupiga shoka.

"Si wewe umesema kinasema hivyo?" akauliza Mama Mumo.

"Mimi nimesema Patrobas amesema. Mimi sijawahi kukisoma. Hakuna mtu amekisoma. Ni maandishi ya Kichina, na chini kuna ABC, lakini ni ABC za Kichina pia."

Ala! Ndipo kila kitu kilipofunguka. Barua ya kampuni ilikuwa tayari iko leba, na ilisema kibao kinaonya mkono. Sasa sisi, kwa usafi wetu na kwa alama yetu ya mshangao, tulikuwa tunapeleka karatasi ya pili inayosema yaleyale. Karatasi yetu na yao zingepeana mikono, na Wakoli angekaa katikati akitazama. Mama Mumo alikuwa amemuosha mteja wake hadi karibu amtoe na kazi yenyewe.

Sijawahi kumwona akichana karatasi. Siku hiyo alizichana zote nne, na kaboni zake, na uso ulimwiva. "Nimekaribia kumuua mtu na kipaji changu," akasema. Nikataka kucheka, lakini nikamtazama tena nikaona afadhali nisicheke.

"Kibao kiko wapi?" akauliza.

Everline akafungua ule mfuko. Rafiki yao Nabiswa, anayefanya kazi palepale, alikuwa ameweka karatasi nyembamba juu ya kibao wakati wa chakula cha mchana na kuisugua kwa ubavu wa penseli, vile watoto husugua shilingi. Kibao ni cha chuma, maandishi yake yamechomoza, kwa hivyo yalitokea yote juu ya karatasi, meusi, tena yameelekea upande ulio sawa. Kamera haikubaliwi kule ndani, lakini penseli hakuna aliyeikumbuka kuipiga marufuku. Ilikuwa hivi:

小　心　夹　手
XIAO XIN JIA SHOU

Leba walikuwa wamekubali iambatanishwe, lakini maelezo yenyewe lazima yawe na maneno hayo, nakala nne, ili kila upande uwe na yake. Mama Mumo akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole. Mstari wa chini taipureta yake ingeuweza. Wa juu, taipureta ya mnada ingeutoa wapi?

Hapo ndipo Burma ikajaa wataalamu. Sijui walitoka wapi. Ukiwa na njaa hapa hakuna mtu, ukiwa na karatasi ya Kichina kila mtu ni profesa.

Wa kwanza alikuwa Salad, mwenye chumba cha video kule Huruma, aliyekuja kupigiwa chapa tangazo la filamu za wiki. Huyu ameonyesha filamu za karate hadi naye anatembea akiinama inama. Akaitazama karatasi, akafumba jicho moja. "Hii naijua," akasema. "Ni jina la chuo cha mwalimu. Hii ya kwanza ni mtu amesimama amekunja mikono, tayari kupigana."

"Unasoma Kichina, Salad?" nikauliza.

"Sisomi. Lakini nimeyaona mengi."

Nakhumicha anayetuuzia chai akasema hapana, hilo ni jina la mke wa mwenye kiwanda, kwa sababu wanaume matajiri ndivyo walivyo, wakinunua mashine wanaipa jina la mke ili asiulize ilinunuliwa kwa pesa gani. Kimanzi akasema ni uzito wa mashine. Mzee mmoja asiyehusika kabisa, aliyekuja kununua maini, akasema ni baraka ya Kichina ya kuongeza wateja, na angependa anakiliwe moja ya mlangoni kwake.

Mama Mumo akapiga meza. "Tokeni! Mimi si mkalimani. Nimetoka kumpigia mtu chapa maneno ambayo hayakuandikwa, na sirudii. Kilichopo hapo kinakwenda vilevile, cha juu na cha chini, na maana yake mwenye mashine atajieleza mwenyewe."

"Sasa si uandike tu 'maandishi ya Kichina' kwenye mabano, uendelee?" Salad akauliza.

"Halafu waseme hayo maandishi yalikuwa Kiswahili safi? Toka, Salad."

Lakini alijua shida yake. Asubuhi yake akavaa koti, akapanda hadi Buruburu, kwenye duka moja la kompyuta lenye zulia. Mimi nilimsindikiza kwa sababu nilitaka kuona zulia. Msichana wa pale, Lydiah, alikuwa na kucha ndefu na imani kubwa sana kwa kile chombo.

"Auntie, kompyuta ina kila alama ya dunia," akasema.

"Basi nitafutie hizi nne."

Lydiah akafungua orodha ya alama. Akatupatia mkasi. Akatupatia simu, kengele, bahasha, na mkono unaosonta kidole. Akashuka chini, akapanda juu. Mashine yake haikuwa imewekewa herufi za Kichina, na mtu asiyewekewa kitu hawezi kukitoa, hata akiwa na zulia. Lakini Lydiah hakutaka tuondoke mikono mitupu. "Hii ya nne," akasema, "si naweza kuwawekea huu mkono? Zinafanana kidogo. Na hii ya pili tuweke kengele."

Mama Mumo akavua miwani, akamtazama. Nilimwonea huruma yule msichana.

"Mwanangu," akasema, "mtu amekatwa vidole. Siwezi kumpelekea afisa wa leba kengele na mkono wa picha."

Tukarudi Burma kwa miguu, yeye mbele, visigino vikilia. Tukafika penye daraja la reli. Hapo akasimama. "Nzuki, wewe si huchora?"

Nikajibu kwamba mimi sichori, naandika, tena kwa kivuli cha rangi mbili. Baba yangu alichonga twiga wa mbao kule Wamunyu, babu alichonga, na mkono wangu ukiona umbo unalishika. Alisema hizo sifa nizipeleke kanisani, yeye anataka mkono tu.

Wakoli na Everline walikuwa wanatusubiri. Mama Mumo akaketi, akapanga karatasi nne na kaboni tatu katikati, akazigonga pembe mezani zikalingana, akaziingiza kwenye taipureta. Akapiga maelezo yote kama Wakoli alivyosema, bila kuosha. Nilimwona akiteseka. Wakoli alisema "mashine ikanivuta", na kidole cha Mama Mumo kikasimama hewani, kinataka kuandika kitu chenye heshima zaidi. Akameza mate, akaandika ikanivuta.

Alipofika kwenye kibao akageuza rola, akaacha nafasi tupu ya mistari kadhaa. Halafu mstari wa chini: XIAO, akagonga nafasi, XIN, akagonga nafasi, JIA, SHOU, zote herufi kubwa kama zilivyo kwenye chuma, na ameziachanisha vya kutosha ili kila alama ya juu ipate kukaa juu ya neno lake. Kila neno alilisoma herufi moja moja kutoka kwenye penseli, akaligonga, akarudi kulitazama.

"Hiyo X haiko sawa," Nakhumicha akasema akiwa mlangoni na birika. "Nani anaanza neno na X?"

"Anayelianza ni mwenye kibao. Weka chai, nenda."

Kisha akachomoa kifurushi chote kwa pamoja, kaboni zikiwa bado ndani, akakibana pembe nne kwa vibanio vya karatasi, maana karatasi zikiteleza hata kidogo, ya juu itasema hili na ya nne itasema lile. Akanipa kalamu ya biki. "Bonyeza," akasema, "ifike chini."

Nikaanza kwa mazoezi kwenye gazeti. Ya kwanza ilikuwa rahisi: fimbo katikati yenye ndoano mguuni, na kijiti huku na kijiti kule. Ya pili ni kama bakuli lililopinduka nusu, lenye nukta tatu. Ya tatu ilikuwa mtu aliyenyoosha mikono, na kidole kidogo kila kwapa. Ilinitoa jasho. Lakini ya nne iliniudhi. Mistari inalala, mmoja umesimama katikati, sawa, halafu ule uliosimama unafika chini na kukunja shingo upande wa kushoto bila sababu. Mimi ni fundi. Nikiona mstari umepinda naunyoosha. Nikaunyoosha, ukapendeza. Nikaongeza na kivuli kidogo.

"Hiyo ndoano iko wapi?" Mama Mumo akauliza juu ya bega langu.

"Nimeitoa. Ilikuwa kosa la fundi wao."

"Irudishe."

"Mama Mumo, hebu angalia, hivi imenyooka zaidi."

"Nzuki! Jana mimi nimenyoosha, leo wewe unanyoosha. Kati yetu wawili tutamnyoosha huyu mtu hadi kaburini. Irudishe ndoano, toa hicho kivuli, na kama kile kibao kingekuwa na kutu ningekwambia uchore kutu."

Nilikasirika, nakiri wazi. Hakuna fundi wa Burma aliyewahi kuniambia nitoe kivuli. Lakini Wakoli alikuwa ameketi pale kwenye kibenchi, mkono juu ya goti, akitazama kalamu yangu kama mgonjwa anavyotazama sindano, na hasira ikaniishia yenyewe. Nikairudisha ndoano. Nikachora zote nne juu ya karatasi halisi, pole pole, nikibonyeza hadi kidole kikauma. Tulipotenganisha kaboni, nakala ya nne ilikuwa hafifu, lakini kila kijiti kilikuwepo. Mama Mumo akaziweka juu ya karatasi ya penseli moja baada ya nyingine, akazielekeza kwenye mwanga wa mlango, akatikisa kichwa kuridhika. Hakunishukuru. Alininunulia chai, na kwake hiyo ni hotuba.

Siku ya kusikizwa kwa malalamiko alifunga kibanda, jambo ambalo huwa halifanyi hata akiwa na homa. Alisema anaenda kwa sababu afisa anaweza kuuliza nani aliyepiga chapa. Nilimwambia naenda kwa sababu afisa anaweza kuuliza nani aliyechora. Everline alikuwa kazini kwa Mhindi, hakupewa ruhusa.

Afisa aliitwa Samatar, mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini na subira ya kuogopesha. Upande wa pili wa meza aliketi Patrobas, meneja wa wafanyakazi, tai nyekundu, viatu vinavyong'aa, na faili nene lenye kibati cha jina lake. Wakoli aliketi huku. Sisi tuliambiwa tukae nyuma tunyamaze, na Mama Mumo akakaa kana kwamba ndiye aliyeitisha mkutano.

Patrobas akaanza. Aliongea Kiingereza kingi hadi Samatar akamwomba aongee lugha ya mlalamikaji. Basi akasema kwa Kiswahili kwamba kampuni ni kama familia, kwamba usalama ndio msingi wake, kwamba kibao kipo wazi kwenye mashine, na mfanyakazi yeyote mwenye macho angekiona. "Huyu alipuuza onyo, bwana afisa. Kampuni haiwezi kumfundisha mtu mzima kusoma."

"Nilienda jana kuitazama hiyo mashine," Samatar akasema. "Nilikuwa na karatasi hii mkononi." Akainua nakala yetu. Nikamwona Mama Mumo akinyoosha mgongo. "Nimeilinganisha na chuma, alama kwa alama. Ziko sawasawa. Barua yako, kwa upande mwingine, imeandika kibao kinasema hatari, usiweke mkono. Hayo maneno sikuyaona pale. Yako wapi?"

"Ndiyo maana yake, bwana afisa."

"Sikuuliza maana." Akamsukumia karatasi yetu. "Nisomee kilichoandikwa."

Patrobas akacheka kidogo, akatazama ule mstari wa juu, akauruka. Akaweka kidole kwenye mstari wa chini. "Hizi ni ABC za kawaida," akasema. "Mtu yeyote aliyefika darasa la nne anasoma."

"Soma basi."

"Zi... Eksi-ao..." Jasho likaonekana kwenye kola. "Eksi-ao, zin, jia... shou."

Msaidizi wa Samatar aliyekuwa akiandika pale pembeni akauliza hayo ayaandike vipi. Mama Mumo akakohoa. Kikohozi kile nakijua, kinamaanisha yako kwenye nakala, yameshapigwa chapa.

"Sasa mtu aliyefika darasa la nne," Samatar akasema taratibu, "akishasoma hivyo, atatoa mkono?"

"Maana inajulikana, bwana afisa. Maana yake ni uangalie mkono usibanwe. Inajulikana kabisa."

"Nani aliwaambia wafanyakazi?"

Patrobas akafungua faili. Akalifunga. "Ilikuwa katika mpango."

"Na wewe nani alikuambia?"

"Mwenye kiwanda."

"Na yeye?"

"Aliwapelekea faksi waliotuuzia mashine, wakajibu."

"Lini?"

Hapo ndipo nilipomwona Patrobas akiona shimo. Angeweza kudanganya. Lakini ile faksi alikuwa ameshaiweka mwenyewe ndani ya faili lake, kwa ufundi wake wa kukamilisha mafaili, na Samatar alikuwa amenyoosha mkono kuiomba. Faksi huandika tarehe yake yenyewe juu, hakuna wa kuiosha.

"Baada ya ajali," Patrobas akasema. "Siku ileile, jioni. Ndipo tulipouliza."

"Kwa hivyo asubuhi ile, wakati mkono unaingia, wewe meneja ulikuwa hujui kibao kinasema nini."

"Sikujua."

Mama Mumo alinishika mkono wa shati. Nadhani hakujua kwamba ameushika. Mimi nilikuwa nataka kupiga makofi, halafu nikamtazama Wakoli, ile hamu ikaniisha. Alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

Samatar hakuongeza hotuba. Aliandika, akasoma alichoandika. Kufukuzwa kumefutwa. Wakoli arudi kazini kwa kazi unayoiweza mkono wake, na matibabu yawe ya kampuni mpaka daktari aseme basi. Mashine isiguswe hadi kila anayeikaribia awe ameambiwa maana ya kibao kwa lugha anayoisikia. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno kabla hajafunga.

Patrobas alitikisa kichwa. Mama Mumo akafungua mdomo, nikamkanyaga kiatu.

Wakoli ndiye aliyesimama. Tangu asubuhi hakuwa amesema lolote zaidi ya jina lake. Akamgeukia Patrobas, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ndugu yangu Patrobas," akasema, "kumbe mimi na wewe tulifundishwa kukisoma kibao siku ileile. Ila karo nimelipa peke yangu."